Barua ya Kukubaliwa Chuo Kikuu Ujerumani: Namna ya Kuitafsiri na Kuzifahamu Tarehe Zake

Mwananchi anapokubaliwa kusoma katika chuo kikuu cha umma nchini Ujerumani, jambo la kwanza analopokea ni barua yenye kurasa mbili au tatu za Kijerumani, mara nyingi ikiwa imewekwa katika akaunti yake ya maombi kwenye tovuti ya chuo. Juu ya barua hiyo huandikwa neno Zulassungsbescheid, maana yake uamuzi rasmi wa kumkubali mwombaji. Familia nyingi husoma kichwa hicho, hushukuru, kisha huiweka barua pembeni zikisubiri safari. Hapo ndipo nafasi hupotea, kwa sababu barua hiyo haimfanyi mwombaji kuwa mwanafunzi. Inampa haki ya kuwa mwanafunzi endapo atatekeleza mambo kadhaa, kila jambo kwa tarehe yake.

Makala haya yanaeleza namna barua ya aina hiyo inavyopaswa kutafsiriwa kwa Kiswahili ili mwombaji na wazazi wake wajue nini kinatakiwa, lini na kwa njia gani. Maelezo yanafuata mfano mmoja wa barua iliyoandikwa tarehe 16 Juni, 2025 kwa mhitimu wa shahada ya kwanza kutoka Mbeya, aliyekubaliwa kusoma shahada ya uzamili katika muhula wa baridi wa 2025/2026. Mfano huo umetungwa kwa ajili ya maelezo, lakini masharti yake ni yale yanayopatikana katika barua nyingi za vyuo vya Ujerumani.

Barua moja, tarehe nne

Barua ya mfano ina tarehe nne. Tarehe ya kwanza ni ya barua yenyewe, yaani 16.06.2025. Ya pili ni 30.06.2025, saa 23:59, ambayo ni mwisho wa kutamka kwamba nafasi imepokelewa. Katika barua huitwa Annahmefrist. Ya tatu ni 29.08.2025, mwisho wa nyaraka za uandikishaji na malipo ya muhula kufika chuoni. Ya nne haikuandikwa kwa siku wala mwezi. Imeandikwa KW 41, kuwa ndiyo wiki ya kuwapokea wanafunzi wapya, na baada yake masomo yanaanza tarehe 13.10.2025.

Mpangilio wa siku, mwezi na mwaka unafanana na wa Tanzania, hivyo hapo hakuna utata. Utata uko katika KW. Herufi hizo ni kifupi cha wiki ya kalenda. Wajerumani huzihesabu wiki za mwaka kuanzia ya kwanza hadi ya 52 au 53, na kila wiki huanza Jumatatu. Wiki ya kwanza ni ile yenye Alhamisi ya kwanza ya Januari. Kwa hesabu hiyo, wiki ya 41 ya mwaka 2025 ilianza Jumatatu tarehe 6 Oktoba na kuishia Jumapili tarehe 12 Oktoba. Mfasiri anayeandika tu "wiki ya 41" amebadili maneno lakini hajamsaidia msomaji, kwa kuwa hesabu hiyo haitumiki katika maisha ya kila siku nchini. Tafsiri inayofaa huandika siku na tarehe kamili, kisha huiacha namba ya wiki kando yake ili aliye na barua mkononi aweze kulinganisha.

Vivyo hivyo kwa saa. Saa 23:59 ya barua ni saa ya Ujerumani. Wakati wa kiangazi, Ujerumani iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa moja. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba hadi Jumapili ya mwisho ya Machi, iko nyuma kwa saa mbili. Hivyo ukomo wa tarehe 30 Juni saa 23:59 ni saa saba kasoro dakika moja usiku wa kuamkia tarehe 1 Julai kwa saa za Dar es Salaam. Aidha, barua ikisema kikao cha wanafunzi wapya kitaanza saa 9:30, Kiswahili chake ni saa tatu na nusu asubuhi, wala si saa tisa na nusu. Kosa hili ni dogo kuandika na kubwa kwa matokeo yake, kwa kuwa mfasiri aliyezoea tarakimu za Kijerumani huweza kuzinakili zilivyo, na mzazi akazisoma kwa hesabu ya Kiswahili.

Kufika si sawa na kutumwa

Neno lenye uzito kuliko yote katika barua hizi ni Ausschlussfrist. Likitafsiriwa kwa haraka huwa "tarehe ya mwisho", na kwa tafsiri hiyo linafanana na tarehe nyingine yoyote ya mwisho. Maana yake hasa ni ukomo unaofunga mlango: siku hiyo ikipita, haki iliyotolewa hukoma, na afisa wa chuo hana mamlaka ya kuiongeza hata kama sababu ya kuchelewa ni ya kweli. Tafsiri iliyo kamili husema hivyo waziwazi, kwa mfano: "Huu ni ukomo usioongezwa, nyaraka zitakazofika baada yake hazitashughulikiwa."

Jirani na neno hilo mara nyingi huwepo neno Eingang, lenye maana ya kupokelewa. Barua ya mfano inasema kinachozingatiwa ni siku ambayo nyaraka zimepokelewa na chuo, wala si siku ya mhuri wa posta. Mwombaji anayepeleka bahasha kwa kampuni ya usafirishaji tarehe 25 Agosti na kupewa stakabadhi anaweza kuamini kuwa amewahi kwa siku nne. Bahasha ikifika tarehe 1 Septemba, amechelewa, na stakabadhi yake haimsaidii. Ikumbukwe pia kwamba tarehe 29 Agosti, 2025 ilikuwa Ijumaa, na bahasha inayofika Jumamosi huenda isikute mtu wa kuipokea hadi Jumatatu.

Kwa sababu hiyo, tafsiri ya sharti hili inapaswa kuambatana na tarehe ya pili ambayo haimo katika barua: siku ya mwisho ya kutuma. Familia inahesabu kurudi nyuma. Kama kampuni ya usafirishaji inaeleza kuwa bahasha huchukua siku tano za kazi, na familia ikaongeza siku tano nyingine kwa ajili ya kuchelewa njiani, basi bahasha inapaswa kuondoka si zaidi ya Ijumaa tarehe 15 Agosti. Tarehe hiyo ndiyo inayostahili kuandikwa kwenye kalenda ya nyumbani, si 29 Agosti.

Si kila tarehe katika barua ina ukali huo. Barua ya mfano inaruhusu cheti cha lugha kuletwa baadaye, na neno linalotumika ni nachreichen, yaani kuwasilisha baada ya nyaraka nyingine. Ruhusa hiyo nayo ina ukomo wake, ambao kwa kawaida huandikwa katika sentensi hiyo hiyo au inayofuata. Mfasiri anayeandika "cheti kinaweza kuletwa baadaye" na kuacha tarehe, amempa mwombaji nusu ya sharti.

Ombi lililo amri

Barua za Kijerumani huagiza kwa upole. Sentensi inayotaka nyaraka huanza na Bitte, ambalo kwa Kiswahili ni "tafadhali". Mzazi anayesoma "tafadhali wasilisha uthibitisho wa bima ya afya" anaweza kuona kuwa ni ombi, na kwamba chuo kitaelewa kama halikutekelezwa. Katika barua rasmi, neno hilo ni adabu tu. Nyuma yake kuna wajibu uliowekwa na kanuni za uandikishaji. Tafsiri inayomlinda msomaji ni "unatakiwa kuwasilisha".

Uthibitisho wa bima ni mfano mzuri wa sharti ambalo halieleweki kwa kutafsiri maneno pekee. Mwombaji wa Mbeya anaweza kutafuta kadi ya bima aliyo nayo Tanzania, akaipiga picha na kuituma. Chuo hakitaipokea. Kinachotakiwa ni taarifa inayotoka katika mfuko wa bima ya afya wa umma nchini Ujerumani na kuingia moja kwa moja katika mfumo wa chuo kwa njia ya kielektroniki. Hatua ya mwombaji, kwa hiyo, ni kuchagua mfuko mmoja, kuuandikia akiwa bado nyumbani, kuutajia jina la chuo, na kuuomba upeleke taarifa hiyo. Wanafunzi walio chini ya umri wa miaka 30 kwa kawaida hupokelewa katika bima ya wanafunzi ya mifuko hiyo. Waliozidi umri huo wanahitaji kuuliza mapema, kwani utaratibu wao ni tofauti.

Sharti jingine la namna hiyo ni nakala iliyothibitishwa na mamlaka. Nakala hiyo ni ile yenye mhuri halisi na saini halisi ya ofisi inayotambuliwa, ikieleza kuwa nakala inalingana na cheti halisi. Nakala ya picha ya nakala iliyothibitishwa haihesabiki. Ofisi zinazokubaliwa na vyuo vingi ni ubalozi, taasisi iliyotoa cheti chenyewe, na mamlaka za umma zenye uwezo huo kisheria. Mhuri wa wakili hupokelewa na baadhi ya vyuo na kukataliwa na vingine, hivyo ni busara kukiuliza chuo kwa baruapepe kabla ya kulipia kazi hiyo, na kulihifadhi jibu lake.

Nukta, mkato na fedha zinazopungua njiani

Barua ya mfano inataka mchango wa muhula wa 312,50 yuro. Mchango huo si ada ya masomo. Vyuo vingi vya umma nchini Ujerumani havitozi ada ya masomo, lakini vyote hutoza mchango wa huduma za wanafunzi, na mara nyingi ndani yake mna tiketi ya usafiri wa umma. Jimbo la Baden-Württemberg ni tofauti: huko wanafunzi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya hutozwa pia ada ya yuro 1,500 kwa muhula.

Katika Kijerumani, mkato hutenganisha yuro na senti, na nukta hutenganisha maelfu. Hivyo 312,50 ni yuro mia tatu kumi na mbili na senti hamsini, na 1.500 ni yuro elfu moja na mia tano, wala si yuro moja na nusu. Tafsiri ya Kiswahili inapaswa kuzigeuza alama hizo na kuandika kiasi kwa maneno pia.

Malipo yakitumwa kutoka Tanzania hupitia benki moja au zaidi za kati, na kila moja inaweza kukata gharama yake. Mzazi akituma yuro 312.50 bila kueleza nani atabeba gharama, chuo kinaweza kupokea yuro 290. Mfumo wa chuo hautaona mzazi aliyelipa pungufu kidogo; utaona muhula ambao haujalipwa, na uandikishaji utasimama. Katika fomu ya benki kuna chaguo la mtumaji kubeba gharama zote, ambalo huandikwa OUR. Hilo ndilo la kuchagua, na mteja anapaswa kumuuliza afisa wa benki kama linahusu pia benki za kati.

Fomu hiyo ina sehemu ya maelezo ya malipo, ambayo katika barua huitwa Verwendungszweck. Barua inatoa namba au mfuatano wa herufi wa kuandikwa hapo. Mfuatano huo unakiliwe ulivyo, bila kuongeza maneno kama "ada ya mtoto wangu" na bila kuacha tarakimu hata moja. Malipo yakifika bila namba hiyo, chuo kinakuwa na fedha ambazo hakijui ni za nani.

Viza ina kalenda yake

Jambo moja kubwa huwa halimo katika barua ya chuo, au limetajwa kwa mstari mmoja tu: viza. Chuo kinampa mwombaji tarehe za chuo. Ubalozi wa Ujerumani una miadi yake na muda wake wa kushughulikia maombi, ambao huweza kufikia wiki kadhaa hadi miezi. Mwombaji anayesubiri kukamilisha uandikishaji ndipo atafute miadi ya ubalozi anaweza kufuata kila tarehe ya barua na bado asifike darasani mwezi Oktoba.

Kwa kuwa barua ya kukubaliwa ni mojawapo ya nyaraka zinazotakiwa katika ombi la viza, utaratibu unaofaa ni kuomba miadi wiki ile ile barua inapofika. Uthibitisho wa uwezo wa kifedha nao huchukua muda. Wengi hutumia akaunti maalumu ambayo fedha zake hutolewa kwa kiasi kilichopangwa kila mwezi. Kwa mwaka 2025, kiasi kilichotakiwa kilikuwa yuro 11,904 kwa mwaka, sawa na yuro 992 kwa mwezi. Kuifungua akaunti hiyo, kutuma fedha na kupata barua ya uthibitisho ni kazi ya wiki, si ya siku.

Ikionekana kuwa viza itachelewa, barua ya kukiarifu chuo iandikwe kabla ya tarehe husika kupita. Baadhi ya vyuo huruhusu kuchelewa kuripoti kwa muda maalumu, vingine humtaka mwombaji aombe upya muhula unaofuata. Nafasi iliyotolewa kwa kawaida ni ya muhula uliotajwa tu, wala haijihamishi yenyewe kwenda muhula mwingine.

Karatasi mbili badala ya moja

Kutokana na hayo, mfasiri anayewajali wenye barua huandaa karatasi mbili. Ya kwanza ni tafsiri kamili, aya kwa aya, ikifuata mpangilio wa barua, bila kuruka maandishi madogo ya mwisho. Sehemu hiyo ya mwisho, ikiwa na kichwa Rechtsbehelfsbelehrung, hueleza haki ya kupinga uamuzi, ofisi ya kupelekewa pingamizi na muda wake, ambao mara nyingi ni mwezi mmoja tangu uamuzi ulipofahamishwa. Kwa aliyekubaliwa bila masharti, sehemu hiyo haina kazi kubwa. Kwa aliyekataliwa, au aliyewekewa sharti asilokubaliana nalo, huenda ndiyo sehemu yenye maana kuliko zote.

Karatasi ya pili ni ya hatua. Kwa barua ya mfano ingesomeka hivi. Kufikia Jumanne tarehe 24 Juni, mwombaji anaingia katika akaunti yake, anatamka kuipokea nafasi na kuhifadhi nakala ya uthibitisho, siku sita kabla ya ukomo. Wiki hiyo hiyo anaomba miadi ya ubalozi na kuuandikia mfuko wa bima. Kufikia tarehe 1 Agosti, mzazi anatuma yuro 312.50, gharama zote zikiwa juu yake, na namba ya malipo ikiwa imenakiliwa. Kufikia tarehe 15 Agosti, bahasha ya nakala zilizothibitishwa inaondoka. Kufikia tarehe 22 Agosti, mwombaji anakiandikia chuo kuuliza kama bahasha, malipo na taarifa ya bima vyote vimepokelewa. Jibu likionesha upungufu, bado kuna wiki moja ya kuurekebisha. Tarehe 6 Oktoba, saa tatu na nusu asubuhi, anakuwa ukumbini.

Kila hatua katika karatasi hiyo inataja mhusika, tarehe, njia na ushahidi wa kubaki nao. Pale ambapo mfasiri hana hakika na sharti, anaandika hivyo kando yake pamoja na swali la kukiuliza chuo, badala ya kujaza kwa kukisia. Ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ya chuo hujibu baruapepe za Kiingereza, na jibu la maandishi lina nguvu kuliko maelezo ya mtu aliyesoma huko miaka iliyopita, kwa kuwa kanuni hutofautiana kati ya chuo na chuo na hubadilika kati ya mwaka na mwaka.

Tafsiri kwa ajili ya kuelewa inaweza kufanywa na yeyote anayekimudu Kijerumani na Kiswahili vyema. Hali ni tofauti kwa nyaraka zinazotoka Tanzania kwenda Ujerumani zikiwa katika Kiswahili pekee. Hizo zinahitaji tafsiri rasmi. Baraza la Kiswahili la Taifa hutoa huduma ya tafsiri nchini, ila mamlaka inayopokea nyaraka ndiyo yenye kauli kuhusu mfasiri inayemtambua, na baadhi hutaka mfasiri aliyeapishwa nchini Ujerumani. Swali hilo nalo huulizwa kabla ya kulipia, na tarehe ya jibu lake huingizwa katika karatasi ya pili.